Mashine Iliyomkana Kimya

Kuna watu wameumbwa kuamini na kuna watu wameumbwa kushuku, na mwalimu huyu wa Kiswahili alikuwa wa kundi la pili tangu tumboni mwa mama yake. Sokoni hachukui nyanya bila kuigeuza tumbo na mgongo. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa kwanza mkono dirishani. Mumewe, fundi wa majokofu mwenye utani mwingi kuliko spana, hupenda kuwasimulia wageni kwamba siku aliyomposa hakujibiwa ndiyo wala hapana. Alijibiwa, "Nitajuaje?"

Shuleni wanafunzi walimwita Bi Ushahidi, kwa sababu ndilo neno lililokuwa haliishi kinywani mwake. Mtoto akisema alichelewa kwa kuwa mdogo wake anaumwa, atasikia: "Ushahidi uko wapi?" Mwalimu mwenzake akisema chai imeisha, atafungua chupa aichungulie. Jina hilo alilijua, tena alilipenda, ingawa alijifanya halisikii.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa klabu ya mdahalo. Aliilea miaka mingi, na alikuwa na namna yake ya kufundisha aliyoiita Kiunzi. Kiunzi kilikuwa hotuba ya mfano aliyoipiga kwa taipureta enzi za ujana wake, akaibandika ukutani kwenye chumba cha klabu, na karatasi ikageuka rangi ya chai. Kila anayejiunga lazima akikariri. Salamu kwa mheshimiwa mwenyekiti, majaji waadilifu, mtunza muda na wapinzani. Kisha fafanua maneno ya hoja. Kisha "kwanza kabisa", kisha "zaidi ya hayo", kisha "aidha", na mwisho "kwa kuzingatia niliyoyaeleza". Ukiruka hatua moja, unarudi mwanzo. Wanafunzi walilalamika, lakini Kiunzi kilileta vikombe, na kabati la Mkuu wa shule lilijaa vikombe hivyo.

Mwaka huo fainali ilipewa hoja iliyowafanya hata walimu wabishane jikoni: akili unde itapanua pengo kati ya mataifa tajiri na mataifa maskini. Shule ya Bi Ushahidi ilipangiwa upande wa kuunga mkono. Aliwaambia wanachama wote waandike hotuba, ili achague wasemaji watatu. Akategemea majina yale yale ya kila siku, wale wasemaji wa kujigamba wanaotembea kama wamemeza rula.

Ndipo akasimama Kimya. Huyu binti hilo jina hakulipata bure. Miaka miwili kwenye klabu kazi yake ilikuwa kushika saa na kugonga kengele. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, mwembamba, macho chini, na ukimsalimu unajibiwa na midomo tu, sauti hutaisikia. Siku hiyo alishika karatasi kwa mikono miwili, akapitia salamu zote za Kiunzi bila kuruka hata moja, akaanza.

"Akili unde ni programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa maandishi, picha na sauti nyingi mno, ikatafuta mpangilio uliomo ndani yake, mpaka ikaweza kukisia neno gani lifuate neno gani. Kwanza kabisa, mashine hizi hazielei hewani. Zinakaa kwenye majumba yaliyojaa kompyuta, yanayokula umeme kama mji na kunywa maji ili yasiungue. Vipuri vinavyozifanya zikokotoe haraka vinatoka kwenye viwanda vichache vya nchi chache. Anayemiliki majumba na vipuri ndiye anayepanga bei na masharti. Sisi tunabaki wapangaji, na mpangaji hatoboi ukuta.

"Zaidi ya hayo, mashine hujifunza kwa kusoma yaliyomo mtandaoni, na mtandaoni kumejaa lugha chache. Lugha yetu inasemwa na mamilioni lakini imeandikwa huko kidogo. Mashine haimezi neno zima. Hulikata vipande. Maneno mengi ya lugha iliyoizoea huwa kipande kimoja kimoja, lakini neno letu refu kama 'hawatatusikiliza' hukatwa kama muwa, na wengi wenye mashine hutoza kwa vipande. Swali lile lile, ukiliuliza kwa lugha ya mama yako, unalipa zaidi na unajibiwa vibaya zaidi.

"Aidha, kuna watu wanaoifunza mashine. Shangazi yangu ni mmoja wao. Kutwa anachora visanduku kuzunguka magari, waendao kwa miguu na taa za barabarani, kwenye picha za miji ambayo hatakanyaga, ili gari la huko lijue kujiendesha. Analipwa kwa picha, senti juu ya senti. Gari likiuzwa, faida haiijui njia ya kwa shangazi. Na zile ofisi zilizoajiri vijana wetu kupokea simu za wateja wa ng'ambo, sasa mashine inapokea. Wapinzani watatuambia mashine hiyo hiyo itasoma picha za eksirei mahali pasipo daktari, na kumfundisha mtoto asiye na mwalimu. Ni kweli inaweza. Lakini dawa ikiwa kabatini na ufunguo uko kwa jirani, mgonjwa wako anapona kwa huruma ya jirani."

Chumba kililipuka kwa makofi. Mmoja wa wale waliomeza rula alipiga meza mpaka kalamu zikaruka. Bi Ushahidi peke yake hakupiga makofi. Moyoni kitu kilikuwa kimeshamchoma. Huyu? Huyu wa kengele? Asiyejibu hata shikamoo sawasawa ndiye ajue mashine inakata neno vipande? Ebo! Penye moshi hapakosi moto, na yeye pua yake ilikwisha ushika moshi.

Akaichukua ile karatasi, akaenda nayo chumba cha kompyuta kwa mwalimu kijana ambaye wanafunzi walimwita Waya. Waya alikuwa na programu mpya ya kubaini maandishi yaliyotungwa na mashine. Akaipiga picha karatasi, akaigeuza maandishi, akabonyeza. Kisanduku chekundu kikajitokeza: asilimia tisini na moja, mashine.

"Eh!" Waya akasema.

"Nilijua," akasema Bi Ushahidi.

Na hapo, jamani, ndipo pa kushangaa. Mwanamke aliyeomba ushahidi wa mvua hakumuuliza Waya hata swali moja. Hakuuliza programu inajuaje, imetengenezwa na nani, wala inakosea mara ngapi. Ilimpa jibu alilokuja nalo mfukoni, naye akalipokea kama mgeni aliyemngojea siku nyingi.

Kimya akaitwa ofisini kwa Mkuu. Mkuu alikuwa mtu wa sifa za shule; akiona doa kwenye jina la shule analala na homa. Kisanduku chekundu kilikuwa kimechapishwa na kuwekwa mezani.

"Nani kakuandikia?" Mkuu akauliza.

"Nimeandika mwenyewe, Mkuu."

"Na hii mashine inasema uongo?"

Kimya akamtazama mwalimu wake. Alimtazama muda mrefu, kama mtoto anayengoja mzazi aseme neno moja tu, huyu namjua. Bi Ushahidi akakunja mikono kifuani, akaangalia vikombe kabatini. Basi ikaisha hivyo. Binti akaondolewa kwenye timu, nafasi yake akapewa mmoja wa wenye rula, na Mkuu akatuma majina kwa waandaaji wa fainali mchana ule ule, ili kadhia ifungwe.

Ungedhani Bi Ushahidi alistarehe. Hata kidogo. Mtu wa kushuku akishaanza, hana breki. Alianza kushuku kila kitu. Insha za kidato cha tatu alizisoma akinusa kila sentensi. Ujumbe wa mumewe, "Mke wangu mpenzi, niletee chumvi", aliusoma mara mbili, maana hilo mpenzi lilikuwa geni. Na katikati ya shuku hizo ilikuwapo moja ndogo, iliyomkera kama punje ya mchanga kwenye kiatu, na hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Akaipuuza.

Siku chache kabla ya fainali, Kimya akabisha hodi chumba cha klabu. Bi Ushahidi alikuwa na Waya, wanafunga waya wa kipaza sauti cha mazoezi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kukiri?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja kuuliza." Sauti ilikuwa ile ile ndogo, lakini safari hii ilisikika. "Ulipima na hotuba za wenzangu?"

"Za wenzako nizipime ya nini? Wao siwashuku."

"Basi anayenishuku ni mashine au ni wewe?"

Waya akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Bi Ushahidi akahisi masikio yanapata moto. Mtoto huyu! Lakini swali lilikuwa swali, na yeye ndiye aliyewafundisha kuuliza maswali ya namna hiyo.

"Kabla hatujafika huko," akasema, "niambie kweli. Hiyo mashine ya kuandika hukuigusa kabisa?"

"Niliigusa," Kimya akajibu. "Kwenye simu ya kaka. Nilitaka kujua wapinzani watasema nini. Mambo ya eksirei yalitoka huko, nikayaandika kwa maneno yangu. Nikaiomba pia methali ya kumalizia."

"Aha!" Bi Ushahidi akainua kidole.

"Ikanipa, eti, wahenga walisema, kuku mwenye viatu hachelewi sokoni."

Waya akaangua kicheko chini ya meza akagonga kichwa. Bi Ushahidi aling'ang'ania kununa, lakini midomo ilimsaliti. Kuku mwenye viatu! Wahenga gani hao?

"Nikaiacha," Kimya akaendelea. "Nikaona haisemi 'sijui' hata pale isipojua. Mwalimu, naomba upime na za wenzangu."

Wakapima. Ya msemaji wa kwanza: asilimia themanini na nane, mashine. Ya wa pili: tisini na tatu, mashine. Ya kijana aliyeandika kwa mwandiko wa kuku, mbele ya macho ya Bi Ushahidi mwenyewe, bila simu wala kitabu: tisini, mashine. Kila karatasi, kisanduku chekundu. Chumba kikawa kimya kuliko Kimya mwenyewe.

"Wote wameiba?" Bi Ushahidi akanong'ona. Na kwa dakika hiyo, Mungu amsamehe, alikuwa tayari kuamini hivyo.

Kimya akanyoosha kidole ukutani. Waya akafuata kidole, akakaribia Kiunzi, ile karatasi ya rangi ya chai, iliyopigwa taipureta wakati Waya bado anabebwa mgongoni. Akaipiga picha. Akabonyeza.

Asilimia tisini na nane.

"Waya," Bi Ushahidi akasema, na ndiyo mara ya kwanza alimwita kijana yule kwa jina la wanafunzi, "kitu hiki kinafanyaje kazi?"

Ndipo akaelezwa, yale ambayo angeelezwa siku ya kwanza kama angefungua mdomo. Programu haimjui aliyeandika. Inakisia tu. Kila ikifika kwenye neno inajiuliza, ningekuwa mimi, ningetegemea neno hili hapa? Maneno yakija kama ilivyotegemea, moja baada ya jingine, bila kushtua, inasema mwandishi ni mashine. Yakija ya kushtua, inasema ni mtu. Sasa mtoto aliyefundishwa kwamba baada ya "kwanza kabisa" ni "zaidi ya hayo", na baada ya hapo ni "aidha", atamshtua nani?

"Tena," Waya akasema akijikuna kisogo, "waliitengeneza na kuijaribu zaidi kwa lugha yao. Kiswahili imekionja tu. Kwenye maelezo wameandika isitumike peke yake kumhukumu mtu. Maandishi madogo, chini kabisa."

"Uliyasoma?"

"Nimeyasoma leo, Mwalimu."

Bi Ushahidi akakaa kwenye dawati la mwanafunzi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Miaka yote amewachonga watoto kwa kiunzi kimoja, akaja akamfukuza mmoja kwa kuwa amechongeka vizuri. Akanyanyuka, akatembea upesi mpaka ofisini kwa Mkuu, Kimya nyuma yake, na akaeleza yote kwa pumzi moja. Mkuu akapiga simu kwa waandaaji. Wakamjibu kwa adabu kwamba majina yameshafungwa na ratiba imeshachapwa. Mkuu akaomba, akabembeleza, hata akataja vikombe. Hapana.

"Pole, mwanangu," Mkuu akasema, akirudisha simu taratibu. "Maji yamemwagika."

Kimya akasema asante, akatoka. Bi Ushahidi alibaki mlangoni bila kuyatoa maneno ya kuomba radhi, maana alitaka kwanza ayapange vizuri. Alipokwisha yapanga, binti alikuwa ameshavuka uwanja.

Fainali ilifanyika kwenye ukumbi wa shule ya wapinzani. Na ukumbi wenyewe! Viti vya kukunjika vyenye sponji, feni zinazozunguka bila kupiga kelele, na skrini kubwa nyuma ya jukwaa inayohesabu muda. Wapinzani walikuwa na tai zinazofanana. Upande wa kuunga mkono walisimama na Kiunzi chao, wakasema salama salimini, ila aliyechukua nafasi ya Kimya alifika kwenye mambo ya mashine kukata maneno, akayachanganya, akasema mashine inakata umeme. Watu wakacheka. Bi Ushahidi akafumba macho.

Msemaji mkuu wa wapinzani alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti ya kutulia, na tuseme ukweli, alikuwa mzuri. Alisema simu zilidharauliwa hivyo hivyo, watu wakasema ni za matajiri, leo muuza mchicha anapokea malipo kwa simu. Alisema kuna programu za akili unde zinazotolewa bure, yeyote azipakue na kuzifunza lugha yake, zitufae sote sawa. Alisema pengo lilikuwapo kabla ya mashine, na anayelala akilaumu jua ataamka gizani. Majaji waliandika, wakatikisa vichwa kuafiki.

Kisha mwenyekiti akafungua maswali kutoka kwa wasikilizaji. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Kimya, kwenye safu ya nyuma kabisa. Akapewa kipaza sauti.

"Ndugu mpinzani," akasema, "mimi nilikuwa niwe msemaji hapo mbele. Niliandika hotuba yangu, mashine ikasoma ikasema si yangu. Mashine hiyo haijui lugha yangu vizuri, lakini ilisadikiwa. Nikaondolewa. Umesema inatufaa sote sawa. Mtu kama mimi, mashine ikimkana, akate rufaa kwa nani?"

Kijana wa tai hakubabaika. Alitabasamu kidogo, wala si kwa dharau.

"Pole sana, dada," akajibu. "Ila mashine haikukuondoa. Mashine haina mkono. Aliyekuondoa ni mtu, nadhani ni mwalimu wako. Kata rufaa kwake."

Kicheko kikapasuka, na makofi juu yake. Wanafunzi wa shule yake wote wakageuza shingo kumtazama Bi Ushahidi. Alitamani sponji ya kile kiti immeze. Lililomuuma zaidi ni kwamba kijana alisema kweli tupu, na ushahidi wake ulikuwa umekaa hapo hapo, umevaa gauni la fainali.

"Mwenyekiti, naomba neno moja," Kimya akasema. Mwenyekiti akamruhusu.

"Mwalimu wangu simlaumu mbele yako," akasema, na sauti haikutetemeka. "Yeye alipewa jibu bila kuonyeshwa limetokaje. Waliotengeneza mashine wanaweza kuifungua wakaangalia. Sisi tunaletewa kisanduku chekundu tu, na tunaambiwa tuamini. Mwalimu wangu haamini hata mvua. Kama yeye alidanganyika, wewe unadhani nani huku kwetu hatadanganyika?"

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Safari hii hakuna aliyecheka. Jaji mmoja aliweka kalamu chini. Lakini maswali ya wasikilizaji hayana alama, ndivyo kanuni zilivyo, na kikombe kilibaki kwa wenye ukumbi.

Nje, wakati watoto wengine wakipanda basi la shule wakilumbana nani kaharibu, Bi Ushahidi alimfuata Kimya penye bomba la maji. Yale maneno aliyoyapanga siku zote hizo yalimkimbia, asilani halikubaki hata moja.

"Umenitetea," akasema. "Mbele ya ukumbi mzima. Na mimi nilishindwa kukutetea kwenye chumba chenye watu watatu."

Kimya alikuwa anakunywa maji kwa kiganja. Akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta.

"Nilikuangalia, Mwalimu," akasema. "Siku ile ofisini. Mashine nilijua hainijui. Nilidhani wewe unanijua."

Dereva akapiga honi. Binti akamwambia, "Twende, Mwalimu, tutaachwa," akatangulia kwenye basi, naye akamfuata nyuma, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya wanafunzi wote.